Dumu la njano nyuma ya shela: kufuta vitu kwa darktable, na wakati wa kuhamia GIMP

Picha ninayoitolea mfano niliipiga Bagamoyo, mbele ya nyumba ya zamani ya mawe yenye mlango wa nakshi, jua la jioni likitokea kushoto. Bibi harusi amesimama vizuri, shela imeshuka hadi chini, uso umetulia. Nilipoifungua kwenye kompyuta ndipo nikaona mengine. Angani kuna vidoa vitatu vya vumbi la kihisi cha kamera. Waya wa umeme unakata anga kutoka kona ya juu kulia, unapita mbele ya makuti ya mnazi, kisha unapotelea nyuma ya paa. Na chini ya ukuta kuna dumu la njano la maji, la lita 20, nusu yake iko wazi na nusu nyingine inaonekana kupitia kitambaa chepesi cha shela. Mama wa bibi harusi alipoona sampuli kwenye simu yake, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, hilo dumu lisije likaingia kwenye albamu."

Vitu hivyo vitatu vinafaa kueleza kazi nzima ya kufuta, kwa sababu kila kimoja kina mwisho wake. Vumbi linaishia kwenye programu ya kusafishia faili ghafi, yaani RAW. Waya unagawanyika: sehemu ya angani inafutika humo, sehemu ya makuti haifutiki. Dumu lazima liende kwenye programu ya matabaka. Mimi natumia darktable kwa faili ghafi na GIMP kwa matabaka, kwa kuwa zote mbili ni za bure na zinafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Ukitumia nyingine majina ya vitufe yatabadilika, lakini dalili na sababu zake ni zilezile.

Kwanza, heal inafanya nini hasa

Kwenye darktable kazi hii inafanywa na moduli ya `retouch`. Ina njia nne: `clone`, `heal`, `blur` na `fill`. Mbili za kwanza ndizo zinazobeba karibu kazi yote. Unachora umbo juu ya kitu unachotaka kuondoa, kisha unavuta umbo la pili, yaani chanzo, mahali pa kuchota kiraka.

`clone` inanakili kiraka kama kilivyo, rangi na mwanga wake, na kulainisha ukingo tu. `heal` inafanya jambo tofauti: inachukua umbile la chanzo, yaani punje za mchanga au mikwaruzo ya chokaa, halafu inasoma rangi na mwanga ulio kwenye ukingo wa umbo lako, na kuusambaza ndani ili kiraka kifanane na jirani zake. Kwa hiyo rangi utakayoipata ndani ya umbo inatoka kwenye ukingo. Hapo ndipo chimbuko la makosa mengi. Mtu anakodolea macho kitu anachofuta, wakati anayeamua matokeo ni mstari unaokizunguka.

Tukishaelewana hapo, dalili zinasomeka kirahisi.

Dalili: kitu kimeondoka lakini kimeacha wingu la rangi

Nilijaribu kufuta dumu kwa umbo moja la `heal`, kwa pupa, saa tano usiku. Dumu likapotea, na mahali pake pakabaki ukuta wenye ukungu mweupe uliotanda kutoka upande wa shela, kama mtu aliyepaka unga kwa kiganja. Upande wa chini kukawa na wekundu wa mchanga uliopanda ukutani.

Sababu ni ukingo. Umbo langu lilikuwa limegusa vitu vitatu: ukuta wa kijivu, mchanga mwekundu na shela nyeupe. `heal` ikasoma vyote vitatu na kuvichanganya ndani, kama ilivyoagizwa.

Tiba ya kwanza ni kuhakikisha ukingo mzima wa umbo unakaa juu ya kitu kimoja. Kama kitu unachofuta kimesimama peke yake kwenye anga, mchanga au ukuta, panua umbo kidogo mpaka ukingo utoke kwenye kivuli chake na uwe kwenye eneo safi pande zote. Kama kinagusa mpaka wa vitu viwili, mfano ukuta na ardhi, kigawe: umbo moja la `clone` lipite juu ya mpaka wenyewe, chanzo kikiwa mahali pengine kwenye mpaka huohuo, mstari juu ya mstari, kisha maumbo ya `heal` yamalizie juu na chini, kila moja likibaki upande wake. Anza na mstari. Ukimaliza nafasi kwanza na kuacha mstari mwishoni, utajikuta unarudia zote.

Kama kitu kinagusa jambo usilotaka kuliharibu, kama dumu linavyogusa shela, hakuna namna ya kuusogeza ukingo ukawa msafi. Hii ndiyo alama ya kwanza na iliyo wazi kuliko zote kwamba picha inahitaji matabaka. Nitairudia chini.

Dalili: mzimu wa kitu bado unaonekana

Kitu kimefifia lakini umbo lake bado unalihisi, hasa ukiitazama picha kwa mbali. Mara nyingi umbo limebana mno. Kila umbo la darktable lina sehemu ya ndani inayofanya kazi kikamilifu, na ukanda wa nje ambamo nguvu inapungua taratibu. Ukanda huo ukipita juu ya kitu chenyewe, kitu kinabaki nusunusu. Weka kipanya juu ya umbo na uzungushe gurudumu ili kulikuza. Shikilia Shift huku ukizungusha ili kubadili upana wa ukanda laini. Shikilia Ctrl ili kubadili nguvu ya umbo. Watu hugusa hiyo Ctrl bila kujua, nguvu ikashuka hadi asilimia 70, kisha wakahangaika na chanzo ambacho hakina kosa lolote.

Sababu nyingine ya mzimu ni kivuli. Dumu limeondoka, kivuli chake kimelala mchangani kikielekea kulia. Jicho halijui kwa nini picha inasumbua, lakini linasumbuka. Fuata mwelekeo wa jua na ufute kivuli pamoja na mwenye kivuli. Kitu chenye rangi kali huwa kinatupa pia rangi yake kwa jirani: pindo la shela lililokuwa karibu na dumu lilikuwa na umanjano mwepesi, na huo nao ulibidi uondoke.

Dalili: kiraka kinajulikana kwa ulaini wake, au kinajirudia

Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hauna sehemu mbili zinazofanana. Ukichota mara tatu kutoka sehemu ileile, doa moja la unyevu linatokea mara tatu, na mtazamaji analikuta ndani ya sekunde moja. Badili chanzo kwa kila umbo, na usichote pembeni kabisa ya unapofuta, kwa sababu pacha wawili waliokaa jirani huonekana haraka kuliko waliokaa mbali.

Ulaini una sababu yake. Pengine chanzo kiko nje ya eneo lililo kwenye fokasi: ukuta uliorudi nyuma mita mbili una ukungu wa lenzi, na ukiuleta mbele unaonekana kama plasta mpya. Chota kutoka umbali uleule na kamera. Kwa picha hii nilipaswa kufuata ukuta kwa ulalo, kushoto na kulia kwa urefu uleule, na si kuingia ndani ya kichochoro. Chenga nazo, yaani vile vijidoa vya kelele za kihisi, zinaangaliwa vivyo hivyo. Kama picha imepigwa kwa ISO ya juu, eneo la kivuli lina chenga nyingi kuliko eneo la jua, hivyo kiraka cha juani kikiwekwa kivulini kitakuwa kisafi kupita kiasi. `heal` inasawazisha mwanga, lakini chenga zinakuja kama zilivyokuwa kwenye chanzo.

Dalili: nimechora umbo, hakuna kinachobadilika

Hili si kosa la jicho, ni la kitufe. `retouch` inaweza kuigawa picha katika viwango vya umbile, kuanzia chembe ndogo kabisa hadi mabadiliko mapana ya rangi. Kuna mstari wa viwango hivyo ndani ya moduli. Kama umegusa kiwango kingine bila kujua, umbo jipya litafanya kazi kwenye kiwango hicho tu, na kwa macho huoni tofauti. Rudisha alama kwenye picha nzima, futa umbo kwa kubofya kitufe cha kulia juu yake, ulichore upya. Angalia pia kama hujawasha kitufe kinachozima maumbo kwa muda. Kimewekwa kwa ajili ya kulinganisha kabla na baada, na ni rahisi kukisahau.

Viwango hivi vina faida yake kwenye ngozi, lakini kwa kufuta vitu sivitumii. Dumu liko kwenye viwango vyote.

Vumbi la angani, na hatari ya kunakili

Vidoa vitatu vilitoka kwa maumbo matatu ya duara ya `heal`, chanzo kikiwa pembeni kidogo kwenye anga ileile. Kazi ya dakika moja. Vumbi la kihisi linaonekana zaidi unapofunga lenzi: kwa f/16 doa ni jeusi na lina ukingo, kwa f/2.8 mara nyingi halionekani kabisa. Na kwa kuwa limekaa kwenye kihisi, linatokea mahali palepale katika kila picha ya siku hiyo. Ndiyo maana unaweza kunakili `retouch` ya picha moja na kuibandika kwenye nyingine zote.

Dalili inayofuata ni hii: umebandika kwenye picha 40, na katika chache kuna kipande cha kilemba au jani la mnazi kimeelea angani. Doa liko palepale, lakini chanzo nacho kiko palepale, na katika picha hizo mahali pa chanzo pamesimama mtu. Pitia kila picha baada ya kubandika, na uvute chanzo pale kinapogusa kitu. Usibandike kamwe maumbo yanayofuta vitu vya mandhari, kama waya. Ukisogea hatua moja waya nao umehama.

Wapiga picha wa habari wanaruhusiwa kuishia hapahapa. Mashindano ya World Press Photo, kwa mfano, yanakubali usafishe vumbi la kihisi, lakini kuondoa kitu kilichokuwepo mbele ya lenzi kunaitoa picha. Albamu ya harusi ina sheria nyingine, na mwenye sheria ni familia.

Waya: nusu inakubali, nusu inagoma

Kwenye picha hii ya megapikseli 24, waya ulikuwa na unene wa pikseli tisa hivi. Kwa sehemu ya angani nilichagua umbo la brashi ndani ya `retouch`, njia ya `heal`, na kuchora kando ya waya kwa vipande vifupi, kila kimoja kikiwa na chanzo chake juu kidogo ya waya. Mchoro mmoja mrefu ungeonekana rahisi zaidi, lakini anga la jioni hubadilika rangi kutoka kulia kwenda kushoto, na kipande kirefu kinabeba chanzo kirefu ambacho mahali fulani kitagusa wingu au tawi. Vipande vinne vilitosha. Nikaacha kila kipande kiingie kidogo juu ya kilichotangulia.

Kosa moja hapa ni la mwisho wa waya. Pale waya unapokutana na paa, mtu humalizia umbo juu ya paa lenyewe, na `heal` inaleta weusi wa paa angani kama moshi. Simama kabla ya paa, acha pikseli chache za waya zibaki, kisha zimalizie kwa umbo dogo la `clone` lenye ukingo mkali, chanzo kikiwa kwenye ukingo wa paa hilohilo hatua chache pembeni.

Makuti yaligoma. Kila jani la kuti ni mstari mwembamba, na kati ya majani mawili kuna anga. Waya unayakata majani kumi na mawili hivi, kila moja kwa pembe yake. Ukitumia `heal`, ukingo unasoma kijani na anga kwa zamu, na unapata ute wa kijani kibichi. Ukitumia `clone`, unahitaji umbo moja kwa kila jani na chanzo chenye jani la pembe ileile. darktable haiwezi kukizungusha chanzo wala kukipunguza ukubwa, kinakuja kilivyo. Nilichora maumbo saba, nikaangalia, nikayafuta.

Hiyo ndiyo alama ya pili: chanzo kinachofaa kipo, lakini lazima kigeuzwe, kipunguzwe au kinyooshwe kwanza.

Alama ya tatu nimeifahamu kwa mashine yenyewe. Maumbo yakizidi ishirini, hasa ya `heal` na yaliyo makubwa, kila ukisogeza picha inasubirisha. Maumbo ya baadaye yanachota juu ya kazi ya maumbo ya mwanzo, kwa hiyo ukirekebisha la kwanza, la kumi linaharibika. Ukianza kuogopa kugusa umbo kwa sababu ya lingine, funga moduli. Kazi hiyo ni ya matabaka.

Na kuna alama ya nne: kiraka unachohitaji hakiko kwenye picha hii. Kiko kwenye picha ya pili uliyopiga sekunde tatu baadaye, shela ilipopeperuka na ukuta ukaonekana. `retouch` inachota ndani ya picha yake tu.

Kabla ya kuvuka

Dalili moja inatokea baada ya kuvuka, na inauma kwa sababu imekula saa mbili: umemaliza kufuta kwenye GIMP, kisha unagundua uso una wekundu mwingi au anga limeungua. Kurudi kwenye darktable kubadili mwanga kunamaanisha faili jipya, na kufuta kote kunaanza upya.

Kwa hiyo maliza kila kinachohusu mwanga, rangi, lenzi na chenga kwenye faili ghafi kwanza. Futa humo vumbi na vile vinavyofutika bila ubishi. Viwili usivifanye bado. Usikate picha: ukuta ulio nje ya mkato unaweza kuwa chanzo bora ulichonacho, na kwenye picha hii ndiyo ulioniokoa. Wala usiinoe picha: ukali wa kunoa unaweka mstari mwembamba kuzunguka vitu, na mstari huo ukihamishwa na kiraka unajitangaza.

Kisha toa faili la TIFF la biti 16 kwa kila rangi. Picha ya megapikseli 24 itakuwa na megabaiti 144 hivi kama haijabanwa, kwa hiyo andaa nafasi. JPEG ya biti 8 inatosha kutazama, lakini ukishaanza kunyanyua mwanga ndani ya viraka, anga linagawanyika ngazi ngazi. GIMP ikikuuliza kuhusu wasifu wa rangi wakati wa kufungua, chagua kuubakiza.

Dumu, tabaka kwa tabaka

Tabaka la chini ni picha yenyewe, na halikuguswa. Juu yake nilijenga ukuta kana kwamba bibi harusi hayupo. Hilo ndilo jambo ambalo programu ya faili ghafi haiwezi: kuweka kitu *nyuma* ya kitu kingine.

Nilizungushia eneo la ukuta na ardhi lililo kushoto kabisa, nje ya mkato nilioukusudia, likiwa na mstari wa ukuta unapokutana na mchanga. Nikalinakili na kulibandika kama tabaka jipya, nikalisogeza juu ya dumu mpaka mstari ukakaa juu ya mstari. Mwanzoni nilikuwa nimelipindua kushoto-kulia ili madoa yasijirudie. Rangi ilikaa sawa, umbile likakaa sawa, lakini kulikuwa na jambo. Nilipokuza hadi asilimia 100 nikaliona: jua linatoka kushoto, kwa hiyo kila kishimo cha ukuta kina kivuli upande wake wa kushoto na mwanga upande wa kulia. Kwenye kiraka changu ilikuwa kinyume. Ukuta ulikuwa na majua mawili. Nikakirudisha kilivyokuwa, nikakizungusha kidogo sana na kuondoa madoa mawili yaliyojulikana. Ukuta laini unaweza kuupindua. Ukuta wenye mashimo na jua la ubavuni, usiupindue.

Kwa ile mishono ya kingo nilitumia `Clone` juu ya tabaka jipya lililo tupu, nikiwa nimewasha `Sample merged`, ili brashi isome kila kilicho chini lakini iandike kwenye tabaka lake tu. Ukikosea unafuta tabaka hilo na ukuta uko palepale. Kwa zana ya `Heal` nafanya tofauti: naitumia juu ya nakala ya tabaka lenye picha, kwa sababu inahitaji kuwa na pikseli za kuponya, na tabaka tupu haliipi chochote.

Sasa shela. Tabaka la ukuta limefunika dumu, na pia limefunika kipande cha shela. Nililiwekea maski nyeupe, ambayo huficha tabaka pale inapopakwa nyeusi, nikapaka nyeusi pale shela ilipo nzito na nyeupe kabisa, kwa brashi ndogo yenye ukingo unaolingana na ulaini wa kitambaa. Shela ikarudi mbele ya ukuta.

Ikabaki sehemu ngumu, pale kitambaa ni chepesi na dumu linaonekana kupitia. Mtego wa hapa ni kupaka maski kwa kijivu, nusu ukuta nusu picha. Ukifanya hivyo shela inarudi kwa nusu na umanjano nao unarudi kwa nusu. Mambo mawili yamechanganyika pale, rangi ya dumu na mwanga wa nyuzi, na lazima uyatenganishe. Nilirudisha eneo hilo lote kama lilivyo kwenye picha. Kisha nikaweka tabaka tupu juu ya yote, hali yake ya kuchanganya ikiwa `LCh Color`, inayobadili rangi bila kugusa mwanga. Nikachota rangi kutoka sehemu ya shela yenye ukuta nyuma yake, sentimita chache pembeni, na kuipaka juu ya umanjano. Umanjano ukafa, nyuzi zikabaki na mng'ao wao.

Bado dumu lilikuwa na mwanga zaidi kidogo kuliko ukuta, kwa hiyo nyuma ya kitambaa kulikuwa na mwanga wenye umbo la dumu. Hilo nililishusha kwa `Curves` kwenye nakala ya eneo hilo, maski ikiwa na umbo lilelile. Mwisho kabisa palibaki mstari wa mpini wa dumu, mkali, ukionekana kati ya nyuzi. Huo haushushwi kwa rangi wala kwa mwanga. Nilichota kipande kidogo cha shela kutoka upande mwingine, chenye mikunjo inayoelekea chini kwa namna ileile, nikakizungusha mpaka mikunjo ikaungana, na kukifunika juu.

Makuti yalikuja baada ya hapo na hayakunichukua muda: tabaka tupu, `Clone`, brashi yenye upana kama mara mbili ya waya, mipigo mifupi inayofuata urefu wa kila jani, kuanzia sehemu ya jani hilohilo iliyo juu ya waya. Majani mawili tu yalihitaji kukatwa na kuzungushwa kutoka kwa jirani.

Dalili: skrini inasema sawa, albamu inakataa

Ukurasa wa albamu ulikuwa inchi 12 kwa 18. Kwa nukta 300 kwa inchi hiyo ni pikseli 3600 kwa 5400, karibu picha nzima ya megapikseli 24. Mtazamo unaotosha kwenye skrini unaificha mishono mingi ambayo karatasi itaionyesha, hivyo pitia eneo ulilofuta kwa asilimia 100, taratibu, kona hadi kona.

Halafu fanya jaribio hili. Tengeneza tabaka jipya kutokana na yote yanayoonekana, yaani `New from Visible`, na ulivute kwa `Curves` mpaka picha iwe na tofauti kali mno, vivuli vyeusi na mwanga ulioungua. Mshono ambao jicho lako limeshauzoea utajitokeza kama kovu. Kwenye picha yangu ulitokea ukanda wa ukuta uliokuwa na mwanga hafifu zaidi, upana wa kidole, pale kiraka kilipoishia juu. Nikaurekebisha kwenye tabaka la ukuta, nikalifuta tabaka la jaribio.

Hifadhi faili la XCF lenye matabaka yote. Baada ya hapo ndipo unakata, unanoa, na kutoa faili la kwenda kuchapwa. Mama wa bibi harusi alipoletewa albamu alipitisha kidole chini ya ukuta, kutoka mlangoni hadi kwenye pindo la shela, akakirudisha tena, kisha akafungua ukurasa unaofuata.